Wekundu wa Kolo Waingia Darasani

Ukitoka Kondoa mjini kuelekea Babati, barabara hupita Kolo, kijiji kilichozungukwa na vilima vya mawe makubwa yanayoegemeana. Chini ya baadhi ya mawe hayo kuna michoro: watu warefu wembamba, twiga, tembo, pofu, na alama ambazo hakuna anayeweza leo kuzieleza kwa hakika. Maeneo hayo yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 1937, na mwaka 2006 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro mingi, hasa ile ya zamani zaidi, ni myekundu. Wekundu huo ulichimbwa ardhini, na mtoto wa shule katika vijiji vya Irangi hurudi nyumbani jioni akiwa na udongo wa rangi hiyo miguuni.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo lake, na Historia ya Tanzania na Maadili kuwa somo lake. Mwalimu wa darasa la tano katika shule ya kijijini, asiye na penseli za rangi wala brashi, anaweza kuyafundisha yote mawili kwa mada moja ya wiki nane inayotumia udongo, mimea na mawe yaliyo karibu na shule. Udongo haununuliwi, na hilo ni jambo zuri, lakini sababu kubwa ya kuutumia ni nyingine. Kitu anachochorea mwanafunzi ndicho kitu kile kile anachokisoma mwanahistoria akisimama mbele ya mwamba wa Kolo. Mtoto aliyetwanga ngeu, akaichanganya, akaona imedumu au imebanduka, ana uwezo wa kuuliza kuhusu michoro ile maswali ambayo kitabu peke yake hakiwezi kumfundisha kuyauliza.

Wiki ya kwanza darasa huingia korongoni. Kondoa inajulikana kwa makorongo yake. Mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Historia hiyo wazee wa vijiji wanaikumbuka, na wanaweza kuisimulia papo hapo. Nalo korongo lenyewe limepasua ardhi na kuacha ukuta ulio wazi, wenye matabaka: udongo wa juu wa kahawia, chini yake mwekundu, pengine mstari wa changarawe, pengine bonge la njano au la kijivu. Wanafunzi huchora ukuta huo kwanza kabla ya kuchukua chochote, kisha kila kundi huchota kopo moja la kila rangi na kuliandikia mahali lilipotoka. Hawachimbi chini ya kingo, kwa sababu kingo za makorongo huporomoka bila taarifa. Udongo huchukuliwa kwenye sehemu ya ukuta iliyolala au kwenye bonge lililokwisha kuanguka.

Udongo wa korongoni haujawa rangi. Una mchanga, mizizi na vumbi la kila namna, na ukipakwa hivyo hukwaruza karatasi. Huoshwa kwa njia rahisi: kopo moja la udongo kwa makopo manne ya maji, unakorogwa kwa nguvu, unaachwa kwa dakika moja, kisha maji yenye tope humiminwa taratibu kwenye chombo cha pili. Mchanga mzito hubaki nyuma, na rangi huenda na maji. Kazi hii ikirudiwa mara mbili au tatu, na chombo cha mwisho kikiachwa kimetulia usiku kucha, asubuhi yake kutakuwa na maji safi juu na tope laini chini. Maji humwagwa, tope huanikwa kwenye bati. Njia ya kujua kama imekaa sawa ni kusugua kidogo kati ya vidole viwili: ikiwa bado inakwaruza, irudi majini. Mwalimu asikubali wanafunzi waanze kwa kutwanga udongo mkavu darasani, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kinachotwangwa kitwangwe kikiwa kimelowa.

Kipindi kinachofuata ndicho kinachobeba mada nzima. Mwalimu huchukua udongo wa njano uliooshwa na kukauka, huugawa mafungu mawili, huweka fungu moja kwenye kigae au kipande cha bati juu ya jiko la mkaa, na kulikoroga kwa kijiti. Baada ya muda wa kama robo saa, njano huanza kuelekea kwenye rangi ya chungwa, kisha huwa nyekundu, na ikipoa hairudi tena. Fungu la pili lililobaki pembeni bado ni la njano. Watoto wengi hudhani rangi imeungua. Haikuungua. Udongo wa njano una chuma kilichoshikamana na maji ndani yake, na moto wa nyuzi 300 hivi za Selsiasi unatosha kuyafukuza maji hayo. Kinachobaki ni oksidi ya chuma nyekundu, ndugu wa kutu inayokula jembe lililoachwa nje wakati wa masika. Udongo usio na chuma hautageuka hivyo, kwa hiyo moto umekuwa pia kipimo cha kutambua njano ya kweli ya madini.

Hapo historia inaingia bila kuvutwa. Mwanafunzi akiulizwa, "Wachoraji wa Kolo walipata wapi nyekundu yao?" sasa ana majibu mawili yanayowezekana, si moja: waliichimba ikiwa nyekundu, au walichimba njano na kuipika. Hajui ni lipi, na mwalimu mwema hamharakishi kuchagua. Anachokipata ni mazoea ya kutenganisha kinachowezekana na kilichothibitishwa, jambo ambalo ndilo kazi halisi ya mwanahistoria.

Rangi bila gundi ni vumbi tu. Katika sehemu kavu za Tanzania ya kati gundi iko porini: utomvu wa mgunga, unaotoka kwenye ganda lililojeruhiwa na kukauka kuwa vijibonge vya rangi ya asali. Kijiko kimoja cha vijibonge hulowekwa katika vijiko viwili vya maji ya moto hadi kesho yake, kisha huchujwa kwa kitambaa. Vijiko viwili vya rangi kwa kijiko kimoja cha maji ya gundi ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini kila udongo una ulaji wake, kwa hiyo makundi hujaribu na kuandika walichokiona. Rangi ikikauka, pitisha kidole. Kidole kikitoka na unga, gundi ni kidogo. Rangi ikimetameta, ikaanza kupasuka na kubanduka kama magamba, gundi imezidi. Gundi iliyolowekwa huoza na kunuka baada ya siku chache, kwa hiyo hutengenezwa ile ya kutosha wiki moja. Utomvu wa mnyaa usitumike kamwe hata kama unanata, kwa sababu ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi mapishi haya yalivyo ya kale, ana mfano ulio wazi kutoka Afrika Kusini. Katika pango la Blombos, wanaakiolojia walikuta magamba mawili makubwa ya konokono wa baharini yaliyotumika kama vyombo vya kuchanganyia rangi miaka kama 100,000 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na ngeu iliyosagwa, mkaa na mfupa uliopondwa, na kando yake mawe ya kusagia. Ni kazi ile ile ya darasa la tano: kusaga, kuchanganya, kuwa na chombo cha kuhifadhia. Mtoto aliyekwisha kuifanya hahitaji kuambiwa kwamba watu wale walikuwa na akili ya kupanga kazi kwa hatua. Ameshajua kazi yenyewe inavyodai.

Mkaa, masizi na udongo mweupe hukamilisha safu ya rangi za ardhi na moto. Brashi hutengenezwa kwa kijiti kilichotafunwa ncha, kwa unyoya wa kuku, au kwa kidole chenyewe. Tofauti ya vifaa hivyo inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu Kolo itaidai baadaye: unyoya huchora mstari mwembamba unaofuata mkunjo wa goti, kidole huacha mstari mnene usiopinda kirahisi.

Mimea huja katika wiki ya nne, na huja na fundisho lake. Dodoma kuna choya, ambayo maua yake makavu yakichemshwa hutoa maji mekundu ya zambarau. Kuna manjano ya jikoni, maganda ya vitunguu yanayotoa rangi ya dhahabu iliyopauka, na majani mabichi ya kusugua. Rangi hizi hupendeza kuliko za udongo, na watoto huzikimbilia. Maji ya choya hata hubadilika mbele ya macho yao: tone la ndimu huyazidishia wekundu, na tone la maji ya majivu huyavuta kwenye buluu au kijani. Mwalimu awaache wafurahi, wachore, wapake. Kisha kila karatasi hukatwa vipande viwili, kimoja kikawekwa ndani ya daftari, kingine kikabandikwa ukutani mahali jua linapopiga, pamoja na kipande kilichopakwa ngeu.

Wiki mbili zikipita vipande hulinganishwa. Manjano imepauka, choya imekuwa kahawia isiyo na jina, na ngeu iko vile vile. Swali la mwalimu siku hiyo ni zito kuliko linavyosikika: kama watu wa kale walipaka pia rangi za mimea, kwenye miamba, kwenye ngozi, kwenye miili yao, leo tungejuaje? Mwanafunzi anaanza kuona kwamba wekundu wa Kolo ni sehemu iliyosalia, na kwamba iliyosalia si lazima iwe ndiyo iliyopendwa zaidi. Huenda walichora kwa rangi nyingi na jua, mvua na mchwa vikatuachia chuma.

Ni hapo pia panapofaa kueleza kwa nini vitabu vinatofautiana sana kuhusu umri wa michoro hiyo. Njia inayojulikana zaidi ya kupima umri wa vitu vya kale hutumia kaboni, iliyomo katika vitu vilivyokuwa hai: mti, mfupa, mkaa. Oksidi ya chuma haikuwahi kuwa hai na haina kaboni ya kupimwa. Gundi au mafuta yaliyochanganywa ndani yake yangeweza kusaidia, ila kwa kawaida yamekwisha kuoza. Mchoro wa mkaa, kwa hiyo, una nafasi ya kupimwa kwa njia hiyo ambayo mchoro wa ngeu hauna. Watoto walioshika vyote viwili kwa mikono yao hulielewa jambo hili kwa kipindi kimoja.

Kabla ya safari kuna jaribio moja zaidi, na hili lisirukwe. Kila kundi hutafuta mawe mawili yanayofanana na kupaka juu ya kila moja mistari minne: ngeu na maji matupu, ngeu na gundi ya mgunga, ngeu na mafuta ya ng'ombe, na udongo mweupe na maji. Jiwe moja huwekwa chini ya upenuzi wa darasa, la pili huachwa wazi. Mvua za Kondoa hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo mada ikifundishwa kiangazi, mvua hutengenezwa kwa kopo lililotobolewa matundu, kila asubuhi kwa juma moja. Gundi ya mgunga, iliyoshinda kwenye karatasi, huyeyuka na kuondoka kwenye jiwe la nje. Nyeupe huondoka mapema. Chini ya upenuzi karibu kila kitu kipo. Sasa darasa lina sababu yake lenyewe ya kueleza kwa nini michoro ya Kolo iko chini ya mawe yaliyoinama na si juu ya mawe yaliyo wazi, na mwalimu anaweza kuongeza sababu ya pili wasiyoifikiria: huenda michoro ya nje ilikuwepo na ikaoshwa.

Safari ya Kolo hupangwa na wasimamizi wa eneo hilo, na watoto huenda na mwongozaji. Masharti ni mawili na hayana mjadala: hakuna kugusa, na hakuna kumwagia maji mwamba ili rangi ing'ae kwa ajili ya picha. Waliofanya jaribio la mawe hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kila mmoja hubeba karatasi iliyochorwa miraba, na kazi yake ni mchoro mmoja tu. Mary Leakey alifanya kazi ya namna hiyo mwaka 1951, akinakili michoro ya Kondoa mmoja baada ya mwingine kwa miezi kadhaa, na kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1983. Kunakili polepole ndiko kunakofichua mambo ambayo jicho la mpita njia halioni.

Katika miamba mingi ya Kondoa kuna michoro myekundu yenye mistari myembamba na mingine myeupe, minene, iliyopakwa kama kwa kidole. Mahali zinapokutana, mara nyingi nyeupe iko juu. Mwanafunzi huandika ipi iko juu ya ipi, kama alivyoandika matabaka ya korongo, na kwa ushahidi huo pekee anaweza kusema kwamba mahali hapo nyekundu ilitangulia. Hawezi kusema ilitangulia kwa miaka mingapi. Watafiti kwa kawaida huihusisha nyekundu na jamii za wawindaji na wakusanyaji, na nyeupe na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Wasandawe, ambao bado wanaishi magharibi ya hapo, huhusishwa mara kwa mara na uchoraji huo. Mwanaanthropolojia Eric ten Raa aliandika mwaka 1971 kuhusu nafasi ya uchoraji katika maisha yao. Kama kuna mzee wa Kisandawe au wa Kirangi aliye tayari kuzungumza na watoto, neno lake liandikwe kwenye daftari pamoja na yale ya vitabu, likitajwa kuwa ni simulizi lake.

Mwalimu ajiandae kwa jambo moja. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo yanayotembelewa sana, si makumbusho tu. Wenyeji bado hufanya matambiko huko, ya kuomba mvua na ya uganga. Darasa lenye watoto wa dini mbalimbali litakuwa na maswali, na wazazi pia. Inafaa wazazi waelezwe kabla ya safari kwamba watoto wanakwenda kutazama na kunakili, na kwamba hakuna atakayeshirikishwa katika tambiko lolote. Mahali pakiwa na watu wanaotambika siku hiyo, darasa huenda kwenye mwamba mwingine. Kondoa ina zaidi ya miamba 150 yenye michoro.

Wiki mbili za mwisho ni za ufinyanzi, na mwalimu halisi wa wiki hizo ni mfinyanzi wa kijiji, ambaye katika sehemu nyingi za nchi hii ni mwanamke. Watoto humwita bibi au mama kama wamwitavyo nyumbani, na yeye ndiye anayechagua udongo. Kipimo chake cha kwanza ni cha vidole: kusokota kamba nene kama kidole gumba na kuizungusha kwenye kidole. Ikipasuka sana, udongo hauna unamu wa kutosha.

Kipimo cha pili ni cha hesabu. Kipande bapa cha udongo mbichi huchorwa mstari wa sentimita 10 na kukaushwa kivulini. Tuseme mstari umebaki sentimita 9.2. Udongo umesinyaa kwa asilimia 8, na hiyo inavumilika. Ungebaki sentimita 8.7, yaani asilimia 13, vyombo vingi vingepasuka kabla hata ya kuona moto, na dawa yake ni kuongeza vigae vya zamani vilivyopondwa, kikombe kimoja kwa vikombe vinne au vitano vya udongo. Vigae havisinyai tena, kwa hiyo huushikilia udongo na kufungulia mvuke njia ya kutokea. Mwanafunzi anayeponda chungu kilichovunjika ili kutengeneza kipya anafanya jambo ambalo wanaakiolojia hulitambua wakitazama ukingo wa kigae cha kale kwa lenzi.

Bakuli dogo lenye unene wa sentimita moja hivi huhitaji kama juma zima la kukauka kivulini. Likiwekwa shavuni na kuhisiwa baridi, bado lina maji, na bakuli lenye maji likitiwa motoni hulipuka, kwa sababu maji yanageuka mvuke haraka kuliko yanavyoweza kutoka. Kwa hiyo vyombo hupashwa kwanza pembeni ya moto, kisha hupangwa kinyumenyume, hufunikwa kwa kuni, magome na nyasi kavu, na kuchomwa nje, mbali na majengo, watoto wakiwa wamesimama nyuma ya mstari. Hakuna anayefukua hadi majivu yapoe, mara nyingi kesho yake.

Kisha vyombo husomwa. Kinacholia kwa sauti kali kinapogongwa kwa ukucha kimeiva, na kinachotoa sauti butu kina ufa au hakikuiva. Sehemu iliyopata hewa ni nyekundu na iliyofunikwa na majivu ni nyeusi, kwa hiyo chuma kile kile cha korongoni kimeonekana kwa mara nyingine katika sura mpya. Kipande kilichotoka kama sahani ndogo ubavuni mwa chombo ni alama ya mvuke. Doa jeupe lililosukuma udongo na kutoboa baada ya siku kadhaa ni alama ya kijiwe cha chokaa kilichosahaulika ndani, ambacho kimenyonya unyevu wa hewa na kuvimba. Kosa hilo huzuiwa kwa kuchekecha udongo kabla ya kufinyanga.

Jaribio la mwisho lina vipande viwili na ndoo ya maji. Kipande cha udongo mkavu usiochomwa husambaratika na kurudi tope. Kipande kilichochomwa hakibadiliki, leo wala mwakani. Ndiyo maana wanaochimba makazi ya kale ya Afrika Mashariki hukuta vigae vingi kuliko karibu kitu kingine chochote cha nyumbani, na ndiyo maana historia ya kuenea kwa wakulima wa kwanza katika eneo letu imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na vyungu vyao.

Mada hii ina mipaka yake. Darasa la watoto 60 haliwezi kwenda korongoni mara moja, kwa hiyo hugawanywa makundi, na safari ya Kolo inahitaji usafiri ambao shule nyingi zitaupata mara moja kwa mwaka, au zisiupate. Shule iliyo mbali na miamba itumie ukuta wa nyumba ya udongo iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, au shimo la taka la zamani. Aidha, wanafunzi wasipake rangi kwenye mwamba wowote porini, hata usio na mchoro. Wapake ubao wa udongo uliotengenezwa uani kwa shule.

Upimaji wake hauhitaji mtihani wa kukariri. Kila mwanafunzi hupewa kigae asichokijua na mchoro mmoja alionakili mwenzake, na karatasi yenye safu tatu: nilichokiona, ninachodhani na kwa nini, nisichoweza kukijua kwa ushahidi huu. Alama nyingi ziwe kwenye safu ya pili, penye sababu, na mwalimu akate alama pale jambo la safu ya tatu lilipoandikwa kwenye ya kwanza. Vyombo, mawe ya majaribio na makopo ya rangi huandikwa namba na tarehe na kubaki kabatini, ili darasa la mwakani lipime udongo wake na kuulinganisha na huo.